Grafu ya pau iliyokatwa chini: matokeo ya shule yamepanda kiasi gani hasa?

*"Mwalimu, pokea salamu kutoka Kakamega. Katika mkutano wa wazazi tulipewa karatasi yenye grafu ya pau inayoonyesha alama wastani ya shule yetu katika KCSE: 5.61 mwaka 2022, 5.74 mwaka 2023 na 5.93 mwaka 2024. Upau wa mwisho ni mrefu zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, na kwa sababu hiyo tumeombwa tuongeze mchango wa hazina ya kuwatuza walimu. Nilipofika nyumbani niliona kwamba mhimili wa pembeni unaanzia 5.4. Mwalimu mmoja ananiambia hakuna udanganyifu wowote kwa kuwa tarakimu zimeandikwa juu ya kila upau. Shemeji yangu, ambaye ni mhasibu, anasema grafu yoyote isiyoanzia sifuri ni uongo. Nimwamini nani, na nifanyeje kabla ya mkutano ujao?"*

Mzazi mwenzangu, salamu zako zimefika Kisumu na nimezipokea kwa heshima. Nitakujibu moja kwa moja: karatasi hiyo inaikuza tofauti ndogo iliyopo kati ya miaka hiyo mitatu, na inaikuza kwa kiasi ambacho unaweza kukipima mwenyewe ukiwa na rula tu. Tarakimu zilizoandikwa juu ya pau ni sahihi, lakini kuwepo kwake hakuondoi tatizo. Shemeji yako naye ana haki kuhusu grafu hii, ila kanuni yake ameivusha mipaka.

Tuanze na rula. Tuseme grafu yako imechorwa kwa kipimo cha milimita 2 kwa kila 0.01 ya alama. Kwa kuwa mhimili unaanzia 5.4, upau wa mwaka 2022 hauonyeshi 5.61 yote, unaonyesha tu ile 0.21 iliyozidi 5.4, na urefu wake ni sentimita 4.2. Upau wa mwaka 2023 unaonyesha 0.34, yaani sentimita 6.8, na ule wa mwaka 2024 unaonyesha 0.53, yaani sentimita 10.6. Karatasi yako inaweza kuwa ndogo au kubwa kuliko hii ninayoisema, lakini uwiano hautabadilika: gawanya urefu wa upau wa mwisho kwa urefu wa upau wa kwanza na utapata takriban 2.5. Kisha gawanya tarakimu zenyewe, 5.93 kwa 5.61, na utapata takriban 1.06. Jicho limeambiwa mara mbili na nusu, ilhali hesabu inasema ongezeko halifiki hata asilimia 6.

Fikiria nguzo mbili za mkaratusi, moja ya mita 5.61 na nyingine ya mita 5.93, zikiwa zimesimama nyuma ya ukuta wa mita 5.4. Mtu aliye barabarani ataona kipande cha sentimita 21 na kipande cha sentimita 53, na akiulizwa atasema nguzo ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Hakuna aliyezikata nguzo hizo wala kumdanganya kuhusu vilele vyake. Kilichomponza ni kwamba sehemu kubwa ya nguzo zote mbili, ile inayofanana, imefichwa, naye akapima kilichobaki kana kwamba ndicho kitu kizima.

Mwaka 1983 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Edward Tufte, alipendekeza njia ya kulipima jambo hili: chukua ukubwa wa badiliko kama mchoro unavyolionyesha, uugawanye kwa ukubwa wa badiliko lililomo katika takwimu zenyewe. Mchoro mwaminifu hutoa jibu la 1 au karibu na hapo. Katika karatasi yako, urefu wa upau umeongezeka kwa asilimia 152, ilhali alama imeongezeka kwa asilimia 5.7, kwa hiyo badiliko limekuzwa karibu mara 27. Kwa grafu ya pau iliyokatwa chini, hesabu hiyo ina njia ya mkato ambayo nawafundisha wanafunzi wangu waikariri: chukua thamani ya upau wa kwanza, uigawanye kwa thamani hiyo hiyo baada ya kuondoa namba ambayo mhimili unaanzia.

```
5.61 / (5.61 - 5.4) = 26.7
5.61 / (5.61 - 5.0) = 9.2
5.61 / (5.61 - 0)   = 1
```

Tazama kwamba alama ya mwaka 2024 haimo kabisa katika hesabu hii. Kiasi cha kukuza hakitegemei shule imepanda kwa kiasi gani. Kinategemea tu jinsi mkato ulivyoukaribia upau wa kwanza. Aliyechora angeanzisha mhimili kwenye 5.6, badiliko hilo hilo lingekuzwa mara 561, na upau wa mwaka 2022 ungebaki kama mstari mwembamba chini ya karatasi. Kwa hiyo grafu ya pau yenye mhimili uliokatwa inaweza kutengenezewa ukubwa wowote wa tofauti anaoutaka mchoraji, bila kugusa tarakimu hata moja.

Sasa nije kwa hoja ya yule mwalimu, kwa sababu ndiyo husikika mara nyingi na inaonekana kuwa na nguvu. Anasema tarakimu zipo, na anayetaka kuzisoma anaweza kuzisoma. Ni kweli, lakini grafu ya pau haisomwi hivyo. Upau ni umbo lililojazwa rangi kutoka chini hadi juu, na umbo la namna hiyo hutamka jambo moja tu: kiasi hiki ndicho kilichopo. Jicho hulinganisha urefu wa pau kabla mtu hajasoma namba yoyote, na picha hiyo ya kwanza hubaki akilini hata baada ya namba kusomwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2021 matokeo ya majaribio waliyofanya juu ya jambo hili hasa. Watu walioonyeshwa grafu za pau zilizokatwa walikadiria tofauti kuwa kubwa kuliko walioonyeshwa grafu kamili za takwimu zile zile. Walipoelezwa mapema kwamba baadhi ya grafu zimekatwa, na wakaelezwa jinsi zinavyopotosha, upotofu ulipungua lakini haukuisha. Wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kujaribu, mwaka 2020, alama za kuonyesha kwamba mhimili umekatwa, kama ule mstari wa kupinda-pinda unaowekwa chini ya mhimili, na wakakuta kwamba alama hizo hazikupunguza ukubwa wa tofauti ambao watazamaji waliuhisi. Ikiwa aliyeonywa waziwazi bado anapotoka, basi mzazi aliyepewa karatasi mlangoni na kuisoma kwa dakika moja huku hotuba ikiendelea hawezi kulaumiwa kwa kutosoma mhimili wa pembeni.

Hata hivyo, nakusihi usiende mkutanoni ukimshtaki mtu kwa udanganyifu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyeuchagua huo mwanzo wa 5.4. Programu ya Excel, ambayo ofisi nyingi za shule huitumia, ina kanuni yake ya kuamua mhimili uanzie wapi pale mtumiaji asipoamua. Ikiwa tofauti kati ya thamani kubwa na thamani ndogo ni zaidi ya takriban sehemu moja ya sita ya ile kubwa, mhimili huanzia sifuri. Ikiwa ni ndogo kuliko hapo, programu hukata mhimili na kuuanzisha chini kidogo ya thamani ndogo. Sehemu moja ya sita ya 5.93 ni karibu 0.99, na tofauti yenu ni 0.32 tu, kwa hiyo mkato ungetokea wenyewe, na kwa kanuni hiyo ungeangukia karibu kabisa na pale ulipoangukia.

Kanuni hii ina matokeo mengine ambayo watu wachache huyatambua. Karani akiongeza katika jedwali lile lile mwaka mmoja ambao shule ilipata, tuseme, 4.20, tofauti itafika 1.73, nayo programu itarudisha mhimili hadi sifuri bila kumwambia mtu. Pau ambazo jana zilitofautiana sana zitaonekana leo karibu kulingana, ingawa alama za miaka ya 2022 hadi 2024 hazijabadilika. Kwa hiyo usilinganishe kamwe karatasi ya mkutano huu na ya mkutano uliopita kwa kutazama urefu wa pau, mpaka uwe umehakikisha kwamba mihimili yote miwili inaanzia namba ile ile na kuishia namba ile ile.

Kurekebisha ni kazi ya muda mfupi. Katika Excel, mtu hubofya mara mbili kwenye namba za mhimili wa wima, dirisha la `Format Axis` likifunguka anakwenda `Axis Options`, na chini ya `Bounds` anaandika `0` kwenye kisanduku cha `Minimum`. Ukitaka kuonyesha grafu iliyorekebishwa, ichore kwa sentimita 2 kwa kila alama moja: upau wa kwanza utakuwa na sentimita 11.2, wa pili 11.5 na wa tatu 11.9. Ongezeko lote la miaka hiyo, lililokuwa na zaidi ya sentimita 6 kwenye mchoro wa kwanza, sasa ni milimita 6.

Hapo ndipo mwalimu atakapokujibu kwamba grafu yako nayo inaficha juhudi za shule, kwa kuwa pau zote zinaonekana sawa. Jibu hilo lina uzito, na ni vema ulipokee kwa haki. Grafu inayoanzia sifuri hukuonyesha ukubwa wa tofauti ukilinganisha na kiasi kizima, lakini haikuambii kama tofauti hiyo ina maana kwa wanafunzi. Mtu anayetaka kuficha anguko la 0.32 angeitumia grafu hiyo hiyo kwa furaha. Isitoshe, sifuri yenyewe si alama inayopatikana katika KCSE: gredi ya chini kabisa, E, ni alama 1, na A ni 12. Hata tukihesabu kutoka 1, upau wa mwaka 2024 utauzidi ule wa 2022 kwa asilimia 7 hivi, jambo ambalo halibadilishi hukumu yetu juu ya karatasi mliyopewa. Linatuonya tu kwamba asilimia si lugha nzuri ya kuelezea alama za gredi, na kwamba ni afadhali kusema wazi kuwa wastani umepanda kwa 0.32 katika kipimo cha 1 hadi 12.

Hapo pia ndipo kanuni ya shemeji yako inapokoma. Sifuri ni lazima kwa pau kwa sababu upau husema kwa urefu wake. Grafu ya mstari na grafu ya nukta husema kwa mahali nukta ilipo na kwa jinsi mstari unavyopanda au kushuka, kwa hiyo hazidai sifuri kwa namna hiyo. Sisi wa Kisumu tunalijua hili kutokana na ziwa letu. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2020 maji yalipanda hadi kuzifukuza familia zilizoishi ufuoni. Kupanda kwa mita moja ni chini ya sehemu moja ya elfu ya namba hiyo. Ukichora kiwango hicho kwa pau zinazoanzia sifuri, mafuriko yaliyoingia majumbani hayataonekana kabisa, na mchoro utakuwa umewapotosha watu kwa kuwaonyesha utulivu usiokuwepo. Ziwa huchorwa kwa mstari, mhimili ukianzia mita chache chini ya kiwango cha kawaida, na hakuna anayedanganywa, kwa sababu swali ni maji yamesogea kiasi gani kutoka pale tulipoyazoea. Mstari nao waweza kukuzwa kupita kiasi, na majaribio yale ya mwaka 2020 yaligundua kwamba mkato huvuta hisia hata kwenye mistari. Kwa hiyo namba za mhimili zisomwe hata hapo.

Kwa shule yenu, basi, mimi ningeomba mchoro wa namna mojawapo kati ya hizi mbili. Wa kwanza ni nukta tatu, moja kwa kila mwaka, kwenye mhimili unaoonyesha eneo la gredi linaloeleweka, kwa mfano kutoka 5, ambayo ni C-, hadi 7, ambayo ni C+. Mzazi ataona shule imesogea wapi na imebakisha nini kufikia gredi inayofuata. Wa pili ni pau za badiliko lenyewe, yaani 0.13 kati ya 2022 na 2023, na 0.19 kati ya 2023 na 2024. Pau hizo zinaanzia sifuri kihalali, kwa kuwa sifuri hapo ina maana kamili: shule haikupanda wala haikushuka. Kati ya hizo mbili napendelea nukta, kwa sababu pau za badiliko zikitolewa peke yake zinaweza kumfanya mtu asahau kwamba shule bado iko kwenye 5.93.

Jambo ambalo grafu yoyote kati ya hizi haitakuambia ndilo muhimu zaidi kwa uamuzi wa fedha. Gredi ya wastani ya shule yenu haijabadilika: 5.61, 5.74 na 5.93 zote, zikikadiriwa kwa namba kamili iliyo karibu, ni 6, yaani C. Ambacho kimebadilika ni idadi ya wanafunzi waliovuka kutoka gredi moja hadi nyingine. Kwa darasa la watahiniwa 100, ongezeko la 0.32 ni sawa na ngazi 32 za gredi kwa jumla, na ngazi hizo zinaweza kuwa zimetokea mahali tofauti kabisa. Zinaweza kuwa ni wanafunzi 32 waliotoka C hadi C+, gredi ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, na hilo lingekuwa badiliko kubwa katika maisha yao. Zinaweza pia kuwa ni wanafunzi 32 waliotoka D hadi D+. Wastani ni ule ule na grafu ni ile ile. Omba basi idadi ya waliopata kila gredi kwa kila mwaka, na idadi ya watahiniwa, ili uone ongezeko limekaa wapi.

Utahitaji pia kujua kama ongezeko hilo limezidi mtikisiko wa kawaida. Kila mwaka ni kundi jipya la watoto, na wastani wa shule hupanda na kushuka kidogo hata walimu wakifundisha vile vile. Katika shule ambayo gredi za wanafunzi wengi huwa ndani ya alama 2 juu au chini ya wastani, na watahiniwa ni kama 100, tofauti ya 0.3 kati ya miaka miwili si ajabu hata kidogo. Miaka mitatu inayopanda mfululizo inatia moyo kuliko mmoja, lakini bado ni michache. Ningetaka kuiona miaka saba au minane kwenye mstari mmoja kabla ya kuhusisha kupanda huko na jambo lolote lililofanywa shuleni, na hasa kabla ya kuomba fedha kwa ajili yake.

Kabla ya mkutano, mwone mwalimu mkuu ofisini kwake badala ya kusimama mbele ya wazazi wote. Mpelekee karatasi yake na karatasi yako yenye mhimili unaoanzia sifuri, mwonyeshe hesabu ile ya mara 27, na umwombe mambo matatu yaandikwe upya: mchoro wa nukta, idadi ya wanafunzi kwa kila gredi, na miaka zaidi. Akikubali, hamtakuwa na la kubishania mkutanoni ila fedha zenyewe.

Ikiwa mchango unaoombwa ni mkubwa, au shule ikisisitiza kuutumia mchoro huo kama ushahidi kwamba mpango fulani umefaulu, msitegemee jibu la kusoma kama hili langu. Bodi imwite mtu wa takwimu aketi nao, akiwa na orodha kamili ya matokeo na si grafu. Wahadhiri wa somo hili wapo hapo Kakamega katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na wapo Maseno pia, na kwa mtu kama huyo kuchambua matokeo ya shule moja ni kazi ya alasiri moja. Mpeni gredi za kila mtahiniwa bila majina, pamoja na alama walizoingia nazo kidato cha kwanza, kwa sababu darasa lililoingia likiwa na alama bora litatoka na alama bora hata kama shule haikubadilisha chochote, na hilo halionekani kwenye upau wowote mliooneshwa.